Shilingi 17 kwa kilomita? Kupima gharama ya umeme wa gari dhidi ya petroli, safari zilezile za wiki mjini Tabora

Jirani yangu hapa Ipuli alipoleta Nissan Leaf yake, kila aliyesimama pale getini aliambiwa neno moja: "Hili linakula shilingi 17 kwa kilomita." Mimi nina Toyota IST, na nilikuwa na neno langu la kujibia: IST inakwenda kilomita 18 kwa lita, kwa hiyo hata mimi siko vibaya. Tulibishana hivyo miezi miwili. Mwisho tukaona aibu, watu wazima kubishania namba ambazo hakuna kati yetu aliyezipima. Yake ilitoka kwenye dashibodi, yangu ilitoka kwenye tangazo la muuza magari.

Tukakubaliana kupima. Wiki ya kwanza nilizunguka na IST yangu kama kawaida. Wiki ya pili tulibadilishana, nikafanya safari zilezile kwa Leaf na yeye akabaki na IST. Nitakupitisha hatua kwa hatua kwenye tulichofanya, na mahali tulipokosea, ili nawe ukitaka kulinganisha safari zako usiishie na namba ya kusimuliana getini.

Mwongozo huu unahusu nishati peke yake: petroli inayochomwa na umeme unaotumika. Bei ya gari, ushuru, matairi na uchakavu wa betri ni hesabu nyingine, na ukizichanganya humu hutapata jibu la lolote.

Kwanza, andika safari zenyewe

Usianze na gari, anza na wiki yako. Chukua daftari uandike unakokwenda Jumatatu hadi Jumapili, ukihesabu na ile mizunguko midogo ambayo hukumbuki kuihesabu, kama kurudi nyumbani mchana au kumfuata mtoto shuleni. Yangu ilitoka hivi: siku tano za kazi, wastani wa kilomita 24 kwa siku kati ya nyumbani Ipuli, shule, kazini mjini na sokoni, jumla 120. Jumamosi kwenda Sikonge kwa shemeji na kurudi, 140. Jumapili kanisani na kutembelea wagonjwa, 20. Jumla kilomita 280.

Kilomita hizo nilizipima kwa ramani ya simu, na nakushauri ufanye hivyo. Mwisho wa wiki odometa ya IST ilionyesha 289, na ya Leaf, kwa njia zilezile, ilionyesha 284. Odometa nyingi huzidisha kidogo, na ukibadilisha saizi ya matairi, kama wengi wetu tunavyofanya, tofauti inabadilika tena. Ukigawa gharama ya kila gari kwa odometa yake, utakuwa unalinganisha safari za urefu tofauti bila kujua. Safari ni ileile, basi namba ya kugawia nayo iwe moja kwa magari yote mawili. Kwetu ni 280.

Hali za safari nazo zifanane. Nilibeba watu walewale, Jumamosi niliondoka saa ileile, na mwendo wa barabarani ulikuwa wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yote. Hapa mwenye gari la umeme ana kishawishi cha kujipendelea: anaendesha taratibu wiki ya kipimo ili apate namba nzuri, halafu wiki inayofuata anarudi kwenye mwendo wake wa kila siku. Nilimwambia jirani mapema kwamba Leaf nitaliendesha kama ninavyoendesha langu. Hakufurahi, lakini alikubali.

Petroli: tangi hadi tangi

Tatizo letu wengi ni kwamba hatununui petroli kwa lita. Tunafika kituoni, tunashusha kioo na kusema, "Weka ya elfu ishirini." Kwa mtindo huo unajua fedha iliyotoka mfukoni, lakini hujui iliyochomwa ni lita ngapi, maana hujui tangi lilikuwa na kiasi gani mwanzo na limebaki na kiasi gani mwisho. Sindano ya geji haiwezi kukusaidia, hasa kwenye gari lenye umri.

Njia ya uhakika ni kujaza tangi kabisa mara mbili. Nenda kituoni, mwambie mhudumu ajaze hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, aishie hapo. Asiendelee kudonoa ili kufikisha namba ya duara. Anza kuhesabu kilomita. Wiki ikiisha, rudi kituo kilekile, pampu ileile, gari lisimame palepale lielekee upande uleule, ajaze tena hadi ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizochoma wiki nzima. Lita za mara ya kwanza hazihusiki kabisa, ingawa ndizo zitakazouma mfukoni.

Kwa nini kung'ang'ania pampu ileile? Kwa sababu pampu moja hujikata mapema na nyingine huchelewa, na gari likiinama kidogo tangi linapokea zaidi au pungufu. Ukikosea lita moja kwenye wiki ya lita 20 na ushei, tayari umekosea karibu asilimia tano. Kama safari zako ni fupi na kwa wiki unachoma lita sita au saba tu, usipime wiki moja. Pima wiki tatu au nne mfululizo, kosa hilohilo litagawanyika.

IST yangu ilipokea lita 21.5. Gawa 280 kwa 21.5, unapata kilomita 13 kwa lita. Ile 18 ya tangazo ikaondoka siku hiyohiyo. Sishangai sana: safari za mjini zenye kuwasha na kuzima, injini haijapata hata joto, ndizo zinazokula.

Bei unayotumia iwe ya hapa. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na huku kwetu lita huwa ghali kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya umbali mafuta yanaosafirishwa. Unaweza kuitazama kwa simu kwa kupiga `*152*00#` na kufuata maelekezo, au soma bango la kituo unachojazia. Katika mfano huu nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi kufuata. Wewe weka ya mwezi wako.

Lita 21.5 mara 3,000 ni shilingi 64,500. Gawa kwa 280: shilingi 230 kwa kilomita.

Umeme: pima ukutani, si kwenye dashibodi

Sasa ile shilingi 17 ilitoka wapi? Dashibodi ya Leaf ilikuwa inaonyesha 7.1 km/kWh, maana yake kila uniti moja ya umeme inalisogeza gari kilomita 7.1. Jirani alijua uniti moja kwake ni shilingi 122. Akagawa 122 kwa 7.1, akapata 17. Hesabu ya kugawanya haina kosa. Namba zote mbili alizozitumia ndizo zenye kosa.

Tuanze na ya dashibodi. Ile 7.1 inahesabu umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota. Haihesabu umeme uliopotea njiani ukitoka kwenye soketi kuingia kwenye betri, na huo wewe umeulipia. Chaja iliyo ndani ya gari inabadilisha umeme wa nyumbani kuwa wa betri, na sehemu yake inageuka joto. Zaidi ya hapo, muda wote gari linapochaji, kompyuta zake na pampu ya maji ya kupozea chaja vinakuwa macho. Vinakula kidogo, lakini vinakula kwa saa zote hizo. Ndiyo maana kuchaji taratibu mno kwa waya mdogo kunapoteza sehemu kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani: mota imelala, ila wasaidizi wake wanakesha.

Dawa ni mita ndogo. Tulimwita fundi umeme, akafunga mita ndogo ya njia moja kwenye waya unaokwenda kwenye soketi ya gari tu. Zinapatikana maduka ya vifaa vya umeme. Ni zilezile ambazo wenye nyumba za kupanga hufungia wapangaji. Mita hiyo haijali Luku wala dashibodi, inahesabu uniti zinazopita hapo basi.

Kanuni ni ileile ya tangi hadi tangi. Jumapili usiku Leaf lilichajiwa hadi likajaa na kuacha lenyewe, nikaandika namba ya mita. Jumapili iliyofuata likachajiwa tena hadi likaacha lenyewe, nikasoma tena. Usianze likiwa limejaa ukamaliza likiwa nusu, halafu ukakadiria ile nusu iliyobaki kwa vijiti vya skrini. Vijiti vya betri ni kama sindano ya geji, na kwenye betri iliyochoka kijiti kimoja si kiasi kilekile cha gari jipya.

Kama huna mita ndogo, Luku yenyewe inaweza kukusaidia, ila kwa kazi zaidi. Wiki moja kabla, gari likiwa halichajiwi hapo, soma uniti zilizobaki kwenye mita asubuhi na asubuhi inayofuata, siku saba, upate nyumba inakula ngapi. Ya jirani ilikula uniti 14 kwa wiki, mbili kwa siku, kwa sababu wanapikia gesi na mkaa. Wiki ya gari, uniti zilizoshuka kwenye Luku ni 51.9. Toa 14, zinabaki 37.9. Mita ndogo ilisema 37.6. Zimekaribiana vya kutosha kuamini zote mbili. Kumbuka tu kuongeza zile unazonunua katikati ya wiki, la sivyo utaona Luku imepanda badala ya kushuka.

Uniti za Sikonge

Hapa ndipo tungeharibu kipimo chote. Leaf la jirani ni la kizazi cha kwanza, betri ya 24 kWh, na vile vijiti vya skrini vinavyoonyesha uzima wa betri, si chaji iliyomo, vimebaki 10 kati ya 12. Betri ya magari haya haina mfumo wa maji wa kuipoza, inategemea hewa tu, na kwenye joto inachakaa mapema. Kwa hali hiyo, kwenda Sikonge kilomita 70 na kurudi bila kuchaji haiwezekani. Nilifika kwa shemeji nikiwa na theluthi moja hivi, nikaliweka kwenye umeme saa tano, tukala, tukapiga soga, nikarudi Tabora na baki ndogo ambayo sikupenda kuitazama.

Umeme wa saa hizo tano haukupita kwenye mita ya Ipuli. Ningesoma mita ya nyumbani tu, ningetangaza kwamba kilomita 280 zimekula uniti 37.6, na gari lingeonekana kiini macho. Umeme wa kuomba ni umeme pia. Ofisini, kwa shemeji, gesti, popote unapochomeka, uingie kwenye daftari.

Kwa bahati fundi alikuwa ametuazima kipimo cha kuchomeka, kile kidude unachokiweka kati ya soketi na plagi. Kilisoma uniti 10.8. Kama hukipati, kadiria kwa volti mara ampea mara saa: waya wetu unavuta ampea 10, na kwa volti 220 hiyo ni wati 2,200, kwa saa tano uniti 11. Lakini angalia volti. Pembezoni mwa laini, jioni, volti zinaweza kushuka hadi 190, na hapo saa tano zilezile zinakupa uniti 9.5 tu. Hilo si tatizo la hesabu peke yake, maana unaweza kujikuta huna umeme wa kukurudisha.

Jambo moja la soketi, nisije kulisahau. Safari moja kabla ya kipimo jirani aliwahi kuchaji kwa ekstensheni ya kawaida iliyokunjwa nusu ikiwa kwenye kibao chake. Baada ya saa mbili plastiki ilianza kunuka. Ampea 10 kwa saa nane si kama pasi ya dakika kumi. Gusa plagi baada ya nusu saa; ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, zima. Soketi ya gari iwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme, yenye arthi ya kweli.

Jumla basi: 37.6 za nyumbani na 10.8 za Sikonge, uniti 48.4. Dashibodi kwa safari hizohizo ilikuwa inahesabu uniti 40. Zile 8.4 zilizozidi, karibu asilimia 17 ya ulizolipia, zimeishia kwenye joto na kukesha kwa chaja.

Bei ya uniti: si ile unayoijua

Namba ya pili ya jirani ilikuwa shilingi 122. Hii ni bei ya kweli, ipo kwenye risiti yake, na bado haifai.

TANESCO ina daraja la D1, la nyumba ambazo matumizi yake kwa wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100 kwa uniti, na ukiongeza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, 3 za REA na 1 ya EWURA, inakuwa 122. Uniti inayozidi 75 ndani ya mwezi huohuo inauzwa 350, na kwa makato hayo inafika 427. Daraja la T1 ni la matumizi ya kawaida: 292, ambayo kwa makato inakuwa 356 na senti kidogo. Ndiyo maana mwenye T1 akinunua umeme wa 10,000 anapata uniti 28, na mwenye D1 anapata karibu 82.

Nyumba ya jirani ilikuwa D1 kwa haki kabisa, uniti 60 kwa mwezi. Lakini gari peke yake, kwa uniti 37.6 za nyumbani kila wiki, linaongeza 150 kwa wiki nne. Nyumba ya uniti 60 imekuwa nyumba ya 210. Mwezi wa kwanza uniti nyingi za gari ziliangukia kwenye ile bei ya 427, na haiwezekani kubaki D1 kwa matumizi hayo; mtu wa uniti 210 anahamia T1. Kwa hiyo bei ya kuweka kwenye hesabu ya gari ni 356. Uniti za 122 zilikuwa za taa na friji, na gari halikuzipata.

Kuna lingine ndani yake. Alipohamia T1, zile uniti 60 za nyumba nazo zilipanda kutoka 122 hadi 356. Alikuwa akilipa 7,320 kwa mwezi kwa taa, friji na televisheni. Sasa vitu vilevile vinamgharimu karibu 21,374. Nyongeza ya shilingi 14,054 imeletwa na nini? Gari. Mke wake aliliona hili kabla yetu sote, aliposema, "Friji ni lilelile, mbona Luku inaisha?" Ni haki gharama hiyo iandikwe kwa gari, si kwa friji.

Kama nyumba yako tayari ni T1, aya hizo mbili hazikuhusu, na hesabu yako inakuwa nyepesi zaidi. Kujua daraja lako, tazama risiti ya Luku. Ukitaka kupata bei ya uniti kwa kugawa fedha kwa uniti, usitumie risiti ya kwanza ya mwezi, kwa sababu humo hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Mwenye T1 akinunua 10,000 siku hiyo anapata uniti 23.9 tu, na akigawa ataona uniti ni shilingi 419. Kodi ya jengo utailipa uwe na gari la umeme au la punda. Tumia risiti ya pili, na kama una deni linalokatwa, litoe pia.

Kuunganisha

Mpaka hapa una kila kitu. Hesabu ni mistari miwili:

```
petroli: lita x bei ya lita / km
umeme:   (uniti x bei ya uniti + nyongeza ya nyumba) / km
```

Kwa Leaf, uniti 48.4 mara 356.24 ni shilingi 17,242 kwa wiki. Shemeji wa Sikonge nilimwachia 4,000 kwa uniti zake 10.8, ambazo kwa bei hiyo ni 3,847, kwa hiyo hatukudhulumiana. Gawa 17,242 kwa 280, unapata shilingi 62 kwa kilomita. Hiyo ndiyo namba ya mtu ambaye nyumba yake tayari ilikuwa T1.

Kwa jirani, ongeza robo ya ile 14,054, yaani 3,514 kwa wiki. Jumla 20,756. Gawa kwa 280: shilingi 74 kwa kilomita.

Kwa hiyo 17 imekuwa 74, zaidi ya mara nne. Na petroli, ambayo kwa kilomita 18 kwa lita nilidhani ni 167, imekuwa 230. Wote wawili tulikuwa tunajidanganya, kila mmoja upande wake, na bado Leaf limeshinda kwa mbali: safari zangu za wiki zilinigharimu 64,500 kwa petroli na zingemgharimu yeye 20,756 kwa umeme. Tofauti ni 43,700 na ushei. Nilikuwa natarajia iwe ndogo zaidi, nakiri.

Tabora imemsaidia. Mji huu ni tambarare, na njia ya Sikonge haina milima ya kutaja. Ndugu zetu wa Kigoma wanaopanda kutoka ziwani kila siku wasichukue namba zangu. Gari la umeme hurudisha sehemu ya nguvu linaposhuka, lakini sehemu tu. Mlima utaonekana kwenye mita ndogo, kama utakavyoonekana kwenye pampu ya IST.

Mahali ambapo umeme unashindwa

Ukishapata uniti 48.4 na lita 21.5 kwa safari zilezile, unaweza kuuliza swali zuri zaidi kuliko "lipi rahisi": umeme ungefika bei gani ndipo tulingane? Gawa 64,500 kwa 48.4. Jibu ni karibu shilingi 1,330 kwa uniti. Umeme wa Luku hauko karibu na hapo. Lakini ukikuta mahali pa kuchaji kwa kulipia, na mwenyewe anatoza kwa uniti au kwa saa, sasa una namba ya kumlinganishia. Akitoza kwa saa, zidisha kwanza upate uniti: waya wa ampea 10 haukupi zaidi ya uniti mbili na kidogo kwa saa, hata akikutoza kama mfalme.

Jenereta ndilo linalovuka mstari. Umeme ulikatika Alhamisi ya wiki ya kipimo, na jirani akataka kuwasha jenereta lake dogo la petroli. Nilimzuia kwa hesabu. Jenereta la aina hiyo hutoa takriban uniti mbili kwa lita. Wiki nzima ya uniti 48.4 ingehitaji lita 24, kwa safari ambazo IST inazimaliza kwa 21.5. Ungekuwa unaendesha gari la petroli lenye injini iliyobaki nyumbani. Hata hivyo tulijaribu kidogo kwa udadisi, na waya wa kuchajia ukakataa, taa nyekundu. Majenereta mengi madogo hayana arthi ambayo waya huo unaitafuta kabla ya kuruhusu umeme upite. Umeme ulirudi saa nne usiku, tukalala.

Kiyoyozi sikukipima vizuri, kwa sababu tulipima Juni, asubuhi zenye ubaridi. Kwenye foleni kinaendelea kula hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo mwenye safari fupi za mjini ataona uniti zimepanda zaidi kuliko mwenye kwenda Sikonge. Oktoba tutarudia wiki hiyohiyo, daftari lilelile.

Kwa sasa hatuhitaji kupima upya kila bei inapobadilika. Kilomita 13 kwa lita zinabaki 13, kwa hiyo kila shilingi 100 zinazoongezeka kwenye lita zinaniongezea shilingi 7.7 kwa kilomita. Kwa jirani, kila shilingi 10 zikiongezeka kwenye uniti zinamwongezea 1.7. Ameandika 74 kwa kalamu nyeusi kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya mita ndogo. Ile 17 bado anawaambia wageni, ila sasa anatazama kwanza kama nipo.